Kingamwili Zikishuka, Je, Kinga Imekwisha?

Muuguzi alichanjwa dozi tatu za homa ya ini B, akapimwa, kingamwili zikavuka 10 mIU/mL. Miaka kadhaa baadaye anapima tena, anakuta 4. Wapo wanaomtaka achanjwe upya kwa kuwa kinga imekwisha. Wengine wanasema mwili wake bado unakumbuka. Naona hawa wa pili wana haki, ila hoja yao ina mpaka.

Kipimo kile kinahesabu kingamwili zilizomo kwenye damu, ambazo hutolewa na seli za plazma zilizokaa kwenye uboho wa mifupa. Seli B za kumbukumbu ni kundi jingine kabisa. Hazitoi kingamwili mpaka zikutane tena na virusi, kwa hiyo kipimo hakizioni. Baada ya chanjo, vipokezi vyake vilibadilika kidogo kidogo ndani ya tezi za limfu, na zilizonasa vizuri zaidi ndizo zilizobaki. Kipokezi cha seli T hakinolewi hivyo. Chenyewe hutambua kipande cha protini ya virusi kinachooneshwa na seli nyingine, na nguvu ya kumbukumbu yake iko kwenye wingi na utayari.

Seli T hizo nazo zina aina mbili kuu. Zile za kumbukumbu ya kati zina CCR7, kipokezi kinachoziingiza kwenye tezi za limfu, ambako huzaliana kwa kasi na kuzisaidia seli B. Zile tendaji hazina CCR7. Huzunguka kwenye damu na viungo kama ini, na humwaga interferoni gama, protini ya kupambana na virusi, ndani ya saa chache, lakini uwezo wake wa kuzaliana ni mdogo.

Mara ya kwanza mwili unapokutana na virusi, seli T inayofaa huweza kuwa moja tu kati ya laki moja au hata milioni, hivyo kingamwili huchukua wiki moja au mbili kuonekana, zikianza na za aina ya IgM. Mara ya pili seli ni nyingi, na kingamwili kali za aina ya IgG hupanda ndani ya siku chache.

Siku hizo chache zinatosha kwa homa ya ini B, kwa sababu virusi vyake huchukua siku 30 hadi 180 kabla ya dalili. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo hawasubiri hivyo. Uingereza ilianza kuchanja watoto wachanga dhidi ya kundi C la bakteria hao mwaka 1999. Kumbukumbu ilikuwepo, lakini kinga ilipungua baada ya mwaka mmoja, na mwaka 2006 ikaongezwa dozi ya miezi 12. Kwa ugonjwa wa kasi hiyo, wanaodai kingamwili ziwepo kwenye damu muda wote wako sahihi. Wako sahihi pia kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine: hao hupimwa kila mwaka na kuongezewa dozi wakishuka chini ya 10.

Utata halisi ni kwa muuguzi ambaye hakuwahi kupimwa mara tu baada ya chanjo. Ile 4 yaweza kuwa kingamwili zilizofifia, au mwili ambao haukuitikia kamwe. Apewe dozi moja, apimwe baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Akivuka 10, inatosha. Akibaki chini, amalizie dozi mbili nyingine na kupimwa tena.