Alisema nini hasa? Ripoti ya mwalimu aliyetishiwa darasani

"Mwalimu mwenzetu wa kike, huku Kaskazini Pemba, katukanwa na kutishiwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu mbele ya darasa zima. Kaandika ripoti na kuomba asaidiwe. Mwalimu mkuu anamwambia anakuza jambo, mtoto ni mtoto. Nani tumsikilize?"

Ripoti yenyewe nimeletewa, na aliyeiandika karidhia niizungumze bila ya kumtaja.

Nianze na mwalimu mkuu, maana hoja yake si nyepesi. Anajua kwamba kijana wa kidato cha tatu akisimamishwa masomo, mara nyingi harudi. Hakai nyumbani kutafakari. Anafuata wavuvi dago, na akishashika pesa yake mwenyewe, daftari halimwiti tena. Anajua pia kwamba kijijini mwalimu, mzazi na sheha huenda wakawa watu wa ukoo mmoja, na jambo lililoandikwa ni zito kulifuta kuliko lililosemwa. Na anajua, ingawa hakulitamka, kwamba wapo walimu wanaomfedhehesha mtoto kwanza, kisha wakashitakia jibu lake.

Hata utafiti unamuunga mkono kwa kiasi. Dewey Cornell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walitunga mwaka 2001 utaratibu wa kupima vitisho vya wanafunzi. Unagawa vitisho mafungu mawili: maneno ya hasira yanayopita, na tishio ambalo msemaji anaweza kweli kulitekeleza. Vingi huangukia fungu la kwanza, na humalizika kwa maelezo na kuombana radhi. Kwa hiyo anayesema "mtoto ni mtoto" huenda akawa amesema kweli. Lakini utaratibu huohuo hauanzi kwa kukisia fungu. Unaanza kwa kuuliza: alisema nini, kwa nani, na alipoulizwa baadaye alijibu nini?

Hapo ndipo ripoti ya kwanza ya mwalimu ilipoanguka, na naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu walimu wengi wa kwetu huangukia papo hapo. Aliandika: "Mwanafunzi alitumia lugha isiyofaa na kunitolea vitisho." Basi. Sababu yake naifahamu vizuri. Ni mwanamke, amelelewa kwa stara, na karatasi ile itapita mikononi mwa wanaume wa ofisini, pengine mmoja wao ni mjomba wake. Ataandikaje tusi la nguoni kwa mkono wake mwenyewe? Akalifunika. Tatizo ni kwamba alipolifunika tusi, alilifunika na tishio pamoja nalo. "Lugha isiyofaa" inamtosha mtoto aliyesema somo halifahamiki, na inamtosha aliyeahidi kumngoja mtu njiani. Aliyeko ofisini akisoma maneno hayo anachagua maana iliyo nyepesi kwake, na hawezi kulaumiwa sana.

Kibaya zaidi, nafasi iliyobaki aliijaza kwa mambo asiyoyaona: kwamba kijana ni mhuni, kwamba kwao hakuna malezi, kwamba labda anavuta bangi. Mwalimu mkuu aliyashika hayo, na hapo ndipo aliposema anakuza jambo.

Nilimwomba aandike upya, alichokiona na kukisikia tu, kwa mpangilio wa dakika. Ikawa hivi:

"Jumanne, mkondo wa mchana, kipindi cha Hisabati, kama saa tisa na robo. Nilimwona ana simu chini ya meza. Nilimwambia anipe, akakataa, nikaichukua. Alisimama akanitukana tusi la nguoni linalomtaja mama yangu. Nilimwambia atoke, hakutoka. Akasema: 'Wewe si unapita mikarafuuni peke yako? Leo utaniona.' Nilipaza sauti mara moja. Sikumpiga wala sikumrudishia tusi. Waliosikia ni darasa zima. Waliokaa meza ya mbele wanaweza kuulizwa."

Tazama jinsi stara ilivyobaki. Tusi limetajwa aina yake bila ya kuandikwa, na hilo linatosha. Tishio ndilo lisiloweza kufupishwa, kwa sababu ndani yake mna njia, mna siku, na mna kitu kilichonishitua mimi msomaji: kijana anajua kwamba mwalimu huyu hupita peke yake. Angesema "nitakuonesha" huku akibamiza daftari, ningekuwa upande wa mwalimu mkuu bila ya kusita. Huyu alitaja mahali. Huenda bado ni hasira tu, lakini kuna njia moja ya kujua, nayo ni kumkalisha kijana siku ya pili akiwa ametulia, peke yake, na kumuuliza alikusudia nini. Akisema "nilighadhibika, sina lolote", jambo limepungua. Akirudia, au ikabainika amewaambia wenzake, limekuwa jengine kabisa. Mpaka ripoti inanifikia, siku ya tano, hakuna aliyemuuliza. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua bila ya kusikia upande wowote kati ya mbili.

Sasa maombi. Mara ya kwanza aliandika "naomba nisaidiwe", na ofisi ikasikia "afukuzwe". Mara ya pili aliomba mambo manne. Kijana akae mkondo mwengine wa kidato hichohicho kwa vipindi vya Hisabati tu, mpaka mzazi aitwe. Walimu watoke skuli pamoja jioni kwa wiki mbili. Mwalimu wa ushauri nasaha azungumze na kijana, yeye mwenyewe asiwepo. Na ajibiwe kwa maandishi kabla ya Alkhamisi. Hakuna hata moja linalomtoa mtoto skuli. La kwanza huenda likashindikana kama madarasa yote yamejaa. Basi mwalimu mwengine akae nyuma ya darasa vipindi vya mwanzo. La tatu linategemea kama mwalimu wa nasaha anapunguziwa vipindi vyake, na mara nyingi hapunguziwi. La pili na la nne halina gharama yoyote.

Zamani hadithi hii ingekwisha kwa bakora, palepale. Wizara imekuwa ikihimiza adhabu mbadala, na mimi naunga mkono. Lakini mwalimu aliyeweka bakora chini amebakiwa na karatasi. Huyu, mbele ya darasa zima, alitukanwa mama yake na hakuinua mkono. Akaenda kuandika, kama alivyofundishwa. Akiambiwa anakuza jambo, walimu wenzake wanaotazama wanajifunza nini kuhusu kuandika?

Mwalimu mkuu anataka wapeane mikono ofisini, yaishe. Sulhu ni njia yetu na sina ugomvi nayo, ila ina mpangilio. Kwanza kijana asikilizwe peke yake, halafu mzazi, ndipo radhi. Na hapo mwalimu naye aulizwe kwa nini hakungoja kipindi kimalizike kabla ya kuichukua simu mbele ya wenzake. Naamini atalikubali hilo; mwenyewe alikaribia kuliandika.

Kuna jambo ambalo ripoti zote mbili hazikulitaja: ile simu iko wapi? Nilimuuliza. Hakuna aliyemwambia aikabidhi, naye hakutaka kuiacha kwenye chumba cha walimu ikapotea. Imo mkobani mwake, na kila jioni anapita nayo mikarafuuni. Iandikwe na ikabidhiwe ofisini kwa saini leo hii, na kijana aambiwe kwamba haiko tena kwa mwalimu, na kwamba baba yake ndiye atakayekuja kuichukua.