"Mtawaambia Wenzenu" Si Tangazo

Mazoezi yanaelekea ukingoni, mpiga kinanda anafunika kinanda chake, watu wanatafuta mikoba. Katibu anasimama na kusema kwa haraka: "Jamani, Jumamosi tutabadilisha muda na hatutakuwa ukumbini. Mliopo mtawaambia wenzenu." Watu wanaitikia, wanatoka. Kila mmoja anaamini yupo mwingine atakayewaambia wale wasiokuja. Jumamosi ikifika, wasiokuja siku ile wanasimama mbele ya ukumbi uliofungwa, na wiki inayofuata wanaulizwa mbele ya kwaya nzima kwa nini hawaji mazoezini.

Msimamo wangu ni kwamba lawama hiyo haina haki hata kidogo. Tangazo la mabadiliko linamhusu zaidi asiyekuwepo. Aliyekuwepo amelisikia, ameuliza swali na amejibiwa. Asiyekuwepo bado ana ratiba ya zamani kichwani, na ataifuata kwa uaminifu mpaka mtu amfikie na kumwambia vingine. Kazi ya kumfikia ni ya uongozi wa kwaya. Haigawanywi kwa umati, kwa sababu kazi iliyogawiwa umati haina mwenyewe.

Tuchukue kwaya ya watu 32 inayofanya mazoezi Jumatano jioni na Jumamosi saa 9 alasiri katika ukumbi uleule. Jumatano tarehe 11 Machi mwalimu anapata taarifa kwamba Jumamosi tarehe 14 ukumbi una shughuli nyingine. Mazoezi yatafanyika chumba namba 4, kinachoingiliwa kwa lango la nyuma, tena saa 8 mchana badala ya saa 9. Katibu anafanya nini?

Anaanza na daftari la mahudhurio. Majina 23 yana alama, kwa hiyo tisa hawakuja. Hapo makatibu wengi hufunga daftari, ilhali hesabu bado haijakamilika. Mahudhurio huandikwa mwanzoni na matangazo hutolewa mwishoni. Katikati wapo walioomba ruhusa na kuondoka mapema. Wana alama ya kuwepo lakini tangazo hawakulisikia, na hakuna atakayewakumbuka kwa sababu kila mtu aliwaona pale. Katika mfano wetu ni waimbaji wawili wa alto. Kwa hiyo wanaotakiwa kutafutwa ni 11: soprano watatu, alto watatu, tena watatu na besi wawili.

Hesabu hiyo kwa sauti ina maana kubwa kwa mwalimu. Kama kwaya ina tena watano tu na watatu kati yao hawajui mazoezi yamehamia wapi, Jumamosi watabaki wawili. Wimbo mpya haufundishwi hivyo. Wale wawili watajikaza mpaka koo liwaume, alto watapoteza sauti ya kujipimia, na Jumatano ijayo mwalimu atarudia somo lote tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema kila kiongozi wa sauti apewe majina ya watu wake usiku uleule. Wawe majina matatu au mawili, yaliyoandikwa, yenye mtu mmoja anayeyajibia.

Sasa ujumbe wenyewe. Uandikwe kwa mtu ambaye hajui lolote lililosemwa siku ile, na atakayeusoma siku ambayo wewe huijui. Neno "kesho kutwa" lililoandikwa Jumatano usiku linamaanisha Ijumaa, lakini anayelifungua Alhamisi jioni atalihesabu kuanzia Alhamisi. "Wiki ijayo" ni hivyohivyo. Andika siku na tarehe pamoja: Jumamosi 14 Machi. Faida yake ni kwamba kimoja kinakilinda kingine. Ukikosea ukaandika Jumamosi 15, mtu mmoja makini atagundua haviendani na atauliza kabla mambo hayajaharibika.

Kwenye saa ndipo tunapojikwaa zaidi, kwa sababu midomo yetu inahesabu saa kwa namna moja na simu zetu kwa namna nyingine. Saa 8 mchana kwenye kioo cha simu ni 14:00. Katibu akiandika "8:00" peke yake, wapo watakaosoma saa 8 mchana na wapo watakaosoma saa 2 asubuhi, na pande zote mbili zitakuwa na hoja. Nashauri kuandika "saa 8 mchana (14:00)" kwenye grupu. Nafasi ikiwa finyu, "saa 8 mchana" inatosha, mradi neno "mchana" lisiachwe. Pia epuka kusema muda "umesogezwa mbele". Wengine wataelewa mmeahirisha, wengine wataelewa mnaanza mapema zaidi. Taja saa ya zamani na saa mpya, basi.

Kuanza mapema kuna hatari kuliko kuchelewa. Kama mazoezi yangehama kutoka saa 9 kwenda saa 10, asiyejua angefika akasubiri, akapiga simu, akaelekezwa. Lakini yakitoka saa 9 kwenda saa 8, asiyejua anafika wenzake wameshapasha sauti na wako katikati ya wimbo, simu zao zimewekwa kimya. Anapiga, hapokelewi, anarudi nyumbani. Kwa hiyo mabadiliko ya kuwahi yanahitaji juhudi zaidi ya kutafuta watu, na kama uongozi una hiari ya kuchagua kati ya kuwahi na kuchelewa, mimi ningechagua kuchelewa.

Kuna jambo moja ambalo matangazo mengi huliacha kabisa: je, mabadiliko ni ya siku hiyo tu au ndiyo utaratibu mpya? Ukiliacha, utafanikiwa Jumamosi ya tarehe 14 na kuvuna mkanganyiko Jumamosi ya tarehe 21, nusu ya kwaya ikiwa ukumbini na nusu chumba namba 4. Neno "tu" linamaliza suala hilo.

Ujumbe wa katibu wetu, basi, unaweza kuwa hivi:

"KWAYA: Mazoezi ya Jumamosi 14 Machi tu: saa 8 mchana (si saa 9), chumba namba 4, lango la nyuma (si ukumbini). Jibu kwa kuandika saa na mahali. Katibu"

Una herufi 150 hivi, pamoja na nafasi, kwa hiyo unaingia katika meseji moja ya kawaida, ambayo hubeba herufi 160. Hilo ni muhimu kwa wenye simu za vitochi na kwa walioishiwa bando. Usiongeze emoji. Emoji moja tu inashusha kikomo cha meseji hadi herufi 70, na tangazo lako litakatwa vipande. Wala usilitume kama sauti iliyorekodiwa au bango la picha pekee. Sauti haisikilizwi penye kelele, bango halifunguki bila bando, na vyote viwili havipatikani mtu akitafuta neno "Jumamosi" kwenye simu yake dakika chache kabla ya kutoka. Maneno yaliyoandikwa yanapatikana.

Kwenye grupu la WhatsApp, tangazo likitumwa saa 3 usiku, kufikia asubuhi limezikwa chini ya salamu, pole na hongera. Libandike juu ya grupu. WhatsApp inaruhusu ujumbe ubaki umebandikwa kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na hapa siku 7 zinafaa. Kisha bonyeza ujumbe wako kwa muda, ufungue taarifa zake, uone umewafikia nani na umesomwa na nani. Ila tafadhali usiishie hapo. Alama ya kusomwa inasema ujumbe ulifunguliwa, haisemi ulieleweka. Mtu hufungua akiwa amepanda gari, anaona jina la kwaya, anafunga.

Ndiyo maana ujumbe ule unaomba jibu lenye saa na mahali. Marubani hurudia kwa sauti maelekezo wanayopewa na mwongoza ndege kwa sababu hiyohiyo: anayerudia anaonyesha alichosikia. "Sawa" na kidole gumba havionyeshi kitu.

Turudi kwa watu wetu 11. Tuseme kufikia Alhamisi jioni wanane wamejibu sawasawa. Mmoja, wa besi, ameandika "saa 9 chumba namba 4". Huyu angeonyesha kidole gumba tungemhesabu miongoni mwa waliopata habari, na angechelewa saa nzima. Kiongozi wa besi anamrekebisha palepale, na anamwomba aandike tena. Wawili wako kimya. Wa kwanza ujumbe wake una tiki moja tu, maana yake haujafika kwenye simu. Anatumiwa meseji ya kawaida, na akiwa kimya bado, anapigiwa Ijumaa asubuhi na tena jioni. Wa pili amesoma hajajibu. Huyo anapigiwa mara moja, bila ukali, na mara nyingi anasema alikuwa anataka kujibu baadaye. Kufikia Ijumaa usiku amebaki yule wa tiki moja, wa tena, ambaye simu yake haipatikani.

Kwa ajili yake karatasi inabandikwa kwenye mlango wa ukumbi, kwa maandishi makubwa: kwaya iko chumba namba 4, pitia lango la nyuma. Karatasi hung'olewa, hasa siku ambayo wenye shughuli nyingine wanapamba mlango, kwa hiyo mtu mmoja akae pale pia. Asikae kabla ya saa 8, kwa sababu asiyejua mabadiliko hatakuja saa hiyo. Awepo kuanzia kama saa 8 na nusu mpaka saa 9 na nusu, yaani kuzunguka saa ya zamani. Achaguliwe kutoka sauti yenye watu wengi, asiwe mmoja wa tena waliobaki. Na kama mwalimu anajua bado kuna tena mmoja njiani, anaweza kuanza na kipande ambacho sauti ya tatu inapumzika, au akarudia wimbo wa zamani, halafu wimbo mpya aufundishe baada ya saa 9.

Jumamosi hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kutafuta mikoba, katibu atangaze kwamba Jumatano wanarudi ukumbini kwa muda wa kawaida, aondoe ujumbe uliobandikwa kwenye grupu, na afungue tena daftari aone nani hakuwepo.