Mafunjo ya Dunga na makarani wa Misri

Nimeishi Kairo kwa miaka tisa, na kila nirudipo Kisumu likizo, jamaa huniuliza swali lile lile: huko kuna nini ambacho huku hakipo? Miaka ya mwanzo nilikuwa nikitaja treni za chini ya ardhi na bei ya mkate. Siku hizi jibu langu ni ukavu wa hewa, nao hudhani nimeishiwa na maneno. Naomba nilieleze jibu hilo kwa kirefu, kwa kuwa limetokana na mmea ambao sisi wa kando ya ziwa tunaujua kuliko Wamisri wengi wa leo.

Mmea wenyewe ni mafunjo, ambayo kwa Kijaluo tunayaita togo. Pale Dunga yamesimama ukingoni mwa ziwa kama ukuta, marefu kumshinda mtu mara mbili, na kila bua limevaa kichwani shada la nyuzi za kijani. Mama yangu alisuka mikeka ya mafunjo tangu nilipokuwa mtoto, na sisi watoto tulikuwa tukimenya sehemu ya chini ya bua na kutafuna moyo wake mweupe. Nilipofika Misri nilitazamia kuyaona mafunjo kila mahali kando ya Naili, kwani maji ya ziwa letu ndiyo yatokayo Jinja na kushuka mpaka huku. Sikuyaona. Kinamasi cha mafunjo kilichoujaza uwanda wa mdomo wa mto zama za Mafarao kilikwisha kabisa, na yale yaliyopo sasa ni ya kulimwa. Mhandisi Hassan Ragab ndiye aliyeleta miche kutoka Sudan katika miaka ya 1960 ili kuifufua kazi ya kutengeneza karatasi yake. Basi nchi iliyoyafanya mafunjo kuwa daftari la dola haina tena mafunjo mwitu ya maana, nasi tuliojaliwa nayo tele tunalalia mikeka yake. Watu wa pande zote mbili hupenda kutoa hukumu ya haraka hapa, kwamba wale walikuwa na akili na sisi hatukuwa nayo. Mimi siikubali hukumu hiyo, na sababu zangu zimo katika kazi yenyewe ya mikono.

Bua la mafunjo lina pembe tatu. Ganda lake la kijani ni gumu, na ndilo ambalo mama hutumia kwa mikeka, ilhali fundi wa karatasi hulitupa na kubakiza moyo ulio ndani, ambao ni mweupe, una maji mengi, na umepitiwa na nyuzi zilizonyooka kutoka chini hadi juu. Hukata bua katika vipande vya urefu wa kiasi cha shubiri moja na nusu au mbili, kisha huupasua moyo kwa kisu chenye makali ili apate kanda pana na nyembamba. Kanda hizo hupangwa kwenye ubao uliolowa, ubavu kwa ubavu, zikielekea upande mmoja, na juu yake hupangwa tabaka la pili linalokingama na la kwanza. Tabaka mbili hizo hugongwa au kukandamizwa kwa uzito, zikakauka, kisha uso wake ukasuguliwa kwa jiwe laini au kombe la baharini hadi kalamu iteleze bila kukwama. Mrumi Plinio, aliyeandika habari hizi katika karne ya 1 B.K., alidhani kwamba maji ya Naili yenye matope ndiyo yaliyofanya kazi ya gundi. Haikuwa hivyo. Kinachoshika ni utomvu wa mmea wenyewe pamoja na nyama laini ya moyo wake, ambayo ikipondwa ingali mbichi huingiliana tabaka kwa tabaka.

Neno hilo la ubichi nililijua kwa kukosea. Nilinunua mabua katika kijiji cha al-Karamus, mkoani Sharkia, ambako mafunjo hulimwa mashambani, nikayaacha jikoni siku tatu kwa sababu ya shughuli za kazi. Nilipoyapasua na kuyagonga, ukurasa ulionekana mzuri, lakini ulipokauka tabaka ziliachana kama ganda la kitunguu. Fundi mmoja wa huko alitabasamu akaniambia: “Ya ustadhi, bua likikauka limekwisha kufa, litie majini kwanza.” Mafundi wa leo huziloweka kanda kwa siku kadhaa, na kadiri zinavyokaa majini ndivyo karatasi inavyozidi kuwa ya hudhurungi. Mara ya pili nilizitumia siku ile ile ya kukata. Nilizibana katikati ya vitambaa, nikawa nikibadilisha vitambaa vilivyolowa, na siku ya tatu nilikuwa na ukurasa wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Ukiuinua mbele ya dirisha unaiona miraba ya nyuzi zinazokatana. Kwa alama hiyo unaweza pia kuijua ile bandia ya majani ya ndizi ambayo watalii huuziwa, kwani hiyo haina miraba iliyopangika namna ile, na ukiikunja huvunjika.

Ukurasa mmoja, hata hivyo, si daftari. Kilichoyafanya mafunjo yafae kwa kumbukumbu za dola ni kwamba kurasa ziliungwa kwa uji wa unga, ukingo wa mmoja ukiulalia wa mwingine kwa upana wa kidole hivi, hata likapatikana gombo refu la kukunja. Kwa desturi nyuzi za kulala ziliwekwa upande wa ndani, na ukurasa wa kulia uliulalia wa kushoto, ili kalamu iliyotoka kulia kwenda kushoto ishuke kwenye mshono badala ya kujigonga kwenye ukingo. Naipenda sana hila hii ndogo, maana ni ya mtu aliyeandika kutwa nzima na kuchoka kuona wino ukirukia mahali pasipotakiwa. Gombo likijaa, karani aliunga ukurasa mwingine. Kitabu kikuu cha matoleo ya Farao Ramses wa Tatu, kilichoko London, kina urefu wa zaidi ya mita 40, na bado mtu mmoja angeweza kukibeba kwapani. Hesabu kama hizo zikiandikwa kwenye vibao vya udongo, kama walivyofanya watu wa Babeli, hupati kuongeza nafasi baada ya kibao kukauka, na sanduku la vibao halibebwi na mtu mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Merer. Mwaka 2013 wachimbaji wakiongozwa na Pierre Tallet waliokota vipande vya magombo huko Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, mahali ambapo mabaharia wa Farao Khufu walichonga maghala ndani ya mwamba. Ndiyo magombo yenye maandishi ya kale kuliko yote yaliyopata kuonekana, na umri wake ni zaidi ya miaka 4,500. Merer alikuwa msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40, na kazi yao ilikuwa kusafirisha kwa mashua mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, ambako piramidi ilikuwa inamaliziwa. Nimesimama mbele ya kipande chake katika jumba la makumbusho la Kairo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Juu umechorwa mstari wa siku za mwezi, na chini ya kila siku kuna safu mbili za maandishi. Siku ya 25 kikosi kinapakia mawe Tura na kulala huko huko. Siku ya 26 kinang’oa nanga na mzigo na kulala kwenye bwawa la Khufu. Siku ya 27 kinafika Giza. Siku ya 28 kinarudi Tura. Mambo ndiyo hayo hayo, mwezi baada ya mwezi.

Katika magombo mengine ya pale pale zimo hesabu za chakula cha kikosi, na hapo ndipo unapoona kwamba karatasi hii iliwafaa makarani hasa. Wamechora jedwali lenye miraba, wakaandika kilichotarajiwa, kilicholetwa na kilichobaki kudaiwa, wakitumia wino mweusi na mwekundu ili jicho litofautishe mara moja. Wino mweusi ni masizi na utomvu wa mti, na mwekundu hutokana na udongo wenye kutu. Wino wa masizi haufifii kwa mwanga. Tena hukaa juu ya uso bila kuzama, kwa hiyo karani aliyekosea aliweza kuufuta kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya, na gombo zima lililokwisha kazi likaoshwa na kutumika tena. Mwenye akili ataona papo hapo kasoro ya sifa hiyo, kwani kinachofutika kwa maji hufutika pia kwa mkono wa mwizi. Ndiyo maana hati za maana zilikunjwa, zikafungwa kwa uzi, na fundo likatiwa udongo wenye muhuri.

Sasa narudi kwenye ukavu. Magombo ya Merer hayakupona kwa sababu mafunjo hayaozi. Mafunjo huoza. Yalistawi zaidi kwenye uwanda wenye maji wa kaskazini, na bila shaka hati nyingi mno ziliandikwa huko, lakini kutoka uwanda huo karibu hakuna kilichobaki isipokuwa vipande vilivyoungua vikawa makaa. Aleksandria, mji wa maktaba kubwa, umetuachia magombo machache mno yaliyopatikana ndani ya ardhi yake. Yaliyosalia ni yale yaliyopelekwa au kutupwa jangwani. Misri ilikuwa na bahati ambayo sijaiona penginepo, ya kuwa na kinamasi na jangwa kwa umbali wa mwendo wa asubuhi moja, pamoja na mfalme aliyetaka kujua kila jiwe lililala wapi usiku huo.

Likizo ya mwaka juzi nilijaribu kazi ile ile nyumbani. Mafunjo ya Dunga yalikuwa mazito na mabichi kuliko yote niliyowahi kupasua, na mama, ambaye mkono wake unalijua bua kuliko wangu, alitoa kanda nyembamba kuliko za yule fundi wa Sharkia. Tuligonga, tukabana, tukabadilisha vitambaa. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zikinyesha kila jioni. Siku ya nne ukurasa ulikuwa bado na unyevu, na siku ya sita ulikuwa umeota madoadoa meusi ya kuvu. “Mwanangu,” aliniambia mama, “togo tunaianika Januari.” Tulirudia Januari iliyofuata, tukapata kurasa nne safi, nikaziunga kwa uji wa unga wa ngano na kumwachia gombo hilo fupi aliweke kabatini.

Mwezi uliopita dada yangu alinitumia picha yake. Wino wangu wa masizi ungali mweusi kabisa na miraba ya nyuzi inaonekana vizuri, ila kwenye mishono yote mitatu wadudu wameula uji wa unga, na kurasa zimerudi kuwa nne.