Ng'ombe halishwi kwa ndoo

Jumamosi moja nilimkuta mzee jirani yangu hapa Hai anarudi na gunia la tatu la pumba mwezi ule, kaliegemeza kwenye pikipiki, jasho linamtoka. Ng'ombe wake anatoa lita saba za maziwa kwa siku na haziongezeki. Muuza pumba amemshauri aongeze pumba. Ajabu gani hiyo, muuza pumba kushauri pumba!

"Mwanangu, nampa ndoo nzima," akaniambia. "Anataka nini tena?"

Hapo ndipo ninapokasirika. "Ndoo" ni kipimo cha nini? Tukachukua mizani ya ndoano tukapima. Pumba za mahindi kilo 4 kwa siku. Majani ya mabingobingo, yaliyokatwa vizuri yakiwa na urefu wa mita moja hivi, kilo 35. Ng'ombe mwenyewe, kwa utepe wa kifuani, kama kilo 400.

Sasa tulia tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Ng'ombe wa uzito huo anahitaji kama megajuli 45 za nguvu na gramu 300 za protini ili aishi tu, bila kutoa hata tone. Kila lita ya maziwa inadai juu yake megajuli 5 na gramu 85 za protini.

Kilo moja ya mabingobingo mabichi ni maji kwa asilimia 80. Kilichobaki kinampa megajuli 1.6 na gramu 16 za protini. Kwa kilo 35, hiyo ni megajuli 56 na gramu 560. Kilo ya pumba ina megajuli 10 na protini gramu 90, kwa hiyo kilo 4 zinaleta 40 na 360. Jumla: megajuli 96, protini gramu 920.

Toa za kuishi. Nguvu inabaki 51, inatosha lita 10. Protini inabaki 620, inatosha lita saba na kidogo. Na anatoa ngapi? Saba! Ng'ombe alikuwa anajibu swali kila asubuhi, sisi hatujui kusoma. Nguvu ya lita tatu ilikuwa imekaa bila kazi kwa kukosa protini, na mzee anaongeza nguvu.

Tukafanya hivi: tukapunguza pumba zikawa kilo 2.5, tukaweka kilo 1.5 za mashudu ya alizeti. Uzito ni uleule, kilo 4. Kilo ya mashudu ina protini kama gramu 250 na megajuli 9. Piga upya pamoja na majani: megajuli 94.5, protini gramu 1,160. Zote mbili sasa zinafika karibu lita 10. Mzee akalalamika kwamba mashudu ni ghali. Ndiyo, ukilinganisha kilo kwa kilo. Lakini kilo yake moja ina protini karibu mara tatu ya pumba, basi linganisha hiyo kabla hujanung'unika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tarakimu hizi ni za wastani. Mashudu yaliyokamuliwa na maganda yake mengi hayafiki 250, na pumba zilizochanganywa na mchanga ni hadithi nyingine (tia kiganja kwenye glasi ya maji, mchanga utazama). Madini na maji mengi ya kunywa yawepo, hilo sihesabu.

Ila msije mkaniambia, "basi tumpe mashudu na pumba tu, majani tupunguze." Nyuzinyuzi ndizo zinazomfanya acheue, na mate ya kucheua ndiyo yanayotuliza asidi tumboni. Nataka angalau nusu ya chakula chake, ukishatoa maji, itoke kwenye majani. Hapa majani makavu ni kilo 7 kati ya 10.6, salama kabisa. Ukizidisha cha dukani utaona kinyesi kinakuwa uji na mafuta ya maziwa yanashuka. Pita bandani ng'ombe wakiwa wamelala: kama chini ya nusu yao wanacheua, una tatizo. Na mabadiliko yoyote yaende taratibu, kwa wiki mbili.

Wiki ya tatu mzee alifika lita tisa na nusu. Nikafurahi, nikanyamaza. Jana ananiambia zimeshuka tena, karibu saba. Nikaenda kuangalia shamba: mabingobingo yamenipita kichwa, shina gumu kama fito. Protini imeshuka kutoka gramu 16 kwa kilo hadi 10 hivi. Zidisha hizo sita kwa 35, unapata gramu 210, lita mbili na nusu hizo.

"Nimeyaacha yanenepe kidogo," anasema mzee.