Gari likizimika relini, shuka kwanza

Kuna video inayozunguka kwenye makundi ya simu: gari dogo limezimika katikati ya reli, dereva anapiga stata, anapiga tena, na abiria wamekaa ndani wanamsubiri. Treni inaonekana kwa mbali. Mwishowe injini inawaka na gari linatoka, watu wanashangilia na kumwita dereva shujaa. Mimi sikuweza kushangilia. Nimeumia, kwa sababu watu wengi wataitazama video ile na kuamini kwamba gari likizima relini, cha kwanza ni kujaribu kuliwasha. Cha kwanza ni kushuka, wote, papo hapo, hata kama hakuna treni inayoonekana.

Hebu tupige hesabu. Treni inayokwenda kilomita 80 kwa saa inamaliza mita 22 hivi kila sekunde. Tuseme ina umbali wa mita 500 unapoiona. Una sekunde 22 au 23. Ukipiga stata mara tatu, na kupumzika kidogo kila mara, sekunde 15 zimekwenda. Zinazobaki ni za kufungua mikanda, kumtoa mtoto kiti cha nyuma, kumshika mzee mkono, na kukimbia. Hazitoshi. Ukishuka kwanza, sekunde zile zile zinatosha.

Wapo wanaosema dereva wa treni atafunga breki. Atafunga, ndiyo, lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi juu ya lami. Treni ya mizigo iliyosheheni, kwa mwendo huo, inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ndipo isimame, na haina usukani wa kukukwepa. Tena macho yanadanganya: kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kama kinakwenda polepole. Kwa hiyo usipime muda kwa macho.

Mkishashuka, kimbieni upande gani? Hapa wengi hukosea, kwa sababu mwili unataka kukimbia kwenda kule treni inakoelekea. Treni ikiligonga gari hulisukuma na kulitawanya mbele, na vipande vinaruka upande huo huo. Ondokeni relini kwa mshazari, mkiiacha njia ya reli huku mkielekea upande treni inakotoka, na msisimame mpaka muwe mbali, angalau mita 30 kutoka relini. Mizigo, simu iliyoanguka chini ya kiti, hati za gari, viacheni.

Kisha piga simu. Baadhi ya vivuko vya reli vina kibao chenye namba ya dharura ya reli na namba ya kivuko chenyewe, kwenye nguzo ya taa au kando ya kizuizi. Isome namba ya kivuko kama ilivyo, maana anayepokea simu anaweza kuwa mbali sana, na jina la mtaa halimwelezi ni treni ipi aisimamishe. Kama hakuna kibao, piga polisi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba gari linaweza kusukumwa. Lakini ni baada ya watu kutoka na simu kupigwa, reli iwe inaonekana mbali pande zote mbili, na mtu mmoja asimame kando akichungulia tu bila kusukuma. Weka gia huru, achia breki ya mkono. Kengele ikilia au taa ikiwaka, achaneni nalo.

Na kama gari halijazima bali umenaswa kati ya vizuizi vilivyoshuka, endesha ukivunje. Vimetengenezwa vivunjike.

Mengi ya haya huanzia kwenye foleni. Tarehe 25 Oktoba 1995, huko Fox River Grove, jimbo la Illinois, Marekani, basi la shule lilivuka reli likasimama kwenye taa nyekundu iliyokuwa mbele. Sehemu ya nyuma ilibaki ndani ya njia ya treni. Wanafunzi 7 walikufa. Basi lile halikuwa limeharibika. Mbele yake hapakuwa na nafasi ya kulitosha. Behewa hutokeza nje ya reli karibu mita moja kila upande, kwa hiyo hata ukivuka reli kabisa, mkia wa gari lako unaweza kuwa bado hatarini. Usiingie mpaka uione nafasi ya gari lako zima ng'ambo, na ukishaingia usibadilishe gia katikati.

Gari likishatolewa relini, ipigie tena namba ile ile uwaambie njia iko wazi, kwa sababu treni walizozizuia bado zinasubiri.