Kabla dereva hajaongeza chumvi, ngoja niseme mwenyewe

Najua dereva wa ofisini kwetu ameshawasimulia. Mengi kadanganya. Sikulia, jamani, macho yaliwasha tu.

Juzi tarehe 19, kesho yake ritani ya VAT inatakiwa. Nimepanga ankara zote za mwezi kwenye Excel: mauzo 42,650,000, kodi 7,677,000. Nikazidisha mauzo kwa asilimia 18, ikagonga sawasawa. Nikajipongeza kwa soda. Leja ya VAT ikasema 7,623,000. Nimezidi 54,000.

Sasa hapa ndipo ujuaji uliponiponza. Chuoni tulifundishwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, kuna mtu kageuza tarakimu, kaandika 63 badala ya 36. Gawanya 54,000 kwa tisa: 6,000 kamili! Nikaamka na laptopu hadi kwa bosi, nikatangaza mbele ya watu sita (dereva akiwemo, alikuja kuomba hela ya mafuta) kwamba Mama wa leja amegeuza tarakimu.

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa kanga. Polepole.

"Mwanangu, kodi ya laki moja ni shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na nane, Mama."

"Gawanya kwa tisa."

"Elfu mbili."

"Ya laki mbili?"

"Thelathini na sita elfu."

"Gawanya."

Nilifika kwenye elfu nne ndipo jasho likaanza kunitembea mgongoni. Kumi na nane ni tisa mara mbili! Kodi ya karibu kila ankara yetu inagawanyika kwa tisa, iwe na kosa isiwe nalo. Kanuni yangu ilikuwa inanionyesha kidole hewani.

Feni inazunguka. Hakuna anayekohoa.

"Na mauzo uliyalinganisha na leja, au kodi tu?"

Kodi tu. Mauzo nayo yalizidi, kwa 300,000, na hiyo kwa tisa haigawanyiki hata uibembeleze. Mama akaendelea: "Gawanya kwa mbili." Laki na nusu. Kwenye kodi, 27,000. Akafungua faili, akachomoa kredit noti, ile hati ya kupunguza mauzo mzigo ukirudishwa, ya mteja aliyerudisha simtanki: 150,000, kodi 27,000.

"Hii uliitoa au uliijumlisha?"

Wadau, niliijumlisha. Kilichotakiwa kutoka kikaingia, ndiyo maana kosa likawa mara mbili. Na ile asilimia 18 iligonga kwa sababu nilikosea pande zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

Nikaweka alama ya kutoa, jumla zikakubaliana na leja, ritani ikaenda, nikamwomba Mama radhi, basi.

Leo mchana mama ntilie kaniwekea chapati mbili, kaniuliza kama zinagawanyika kwa tisa. Dereva, tutaonana.