Kufunga bei au kupima faida: hesabu ya shilingi 76

"Kwa nini wasiwafungie tu bei hawa watu wa maji, badala ya kukaa kuwahesabia faida? Mtu yuko peke yake mjini, hana mshindani, halafu unamhakikishia faida, si ndo wizi wenyewe huo?"

Mkuu, ukisema hivyo kijiweni hapa Mtwara utapigiwa makofi, na mi mwenyewe zamani nilikuwa upande wako. Ila tukae na hesabu kidogo.

Watu wa kufunga bei wana hoja nzito, tuwape haki yao. Aliyeipa umaarufu ni mchumi wa Uingereza, Stephen Littlechild, kwenye ripoti yake ya 1983, na kampuni ya simu ya British Telecom ilipobinafsishwa 1984 ikawekewa fomula ya RPI-X, X ikiwa 3. Maana yake bei zako kwa ujumla zinaruhusiwa kupanda kwa mfumuko wa bei ukitoa asilimia 3. Ukibana matumizi kuliko ilivyotarajiwa kinachobaki ni chako mpaka mapitio yajayo, yani siku mdhibiti wa serikali anapokuja kupanga bei upya baada ya miaka kadhaa, ukizembea hasara ni yako.

Sasa chukua kampuni ya maji ya kubuni, mji kama huu wetu. Mali zake, yani mabomba, matanki na pampu, zina thamani ya bilioni 10. Kuendesha ni bilioni 2.5 kwa mwaka, uchakavu nusu bilioni, na mdhibiti kamruhusia faida ya asilimia 10 ya mali, yani bilioni 1. Jumla bilioni 4. Anauza uniti milioni 2, kwa hiyo bei ni shilingi 2,000 kwa uniti. Hiyo ndo kanuni ya faida yote, haina uchawi.

Udhaifu wake unauona hapo hapo. Meneja akikomaa akaokoa milioni 300 kwenye uendeshaji, mdhibiti akija anapiga hesabu upya, bilioni 3.7 kwa uniti milioni 2, bei inashuka mpaka 1,850 na meneja hajaambulia kitu. Sasa ajitese ili iweje? Kwenye bei iliyofungwa zile milioni 300 zingekuwa zake kwa miaka kadhaa. Hapo kufunga bei kumeshinda, sibishi.

Lakini huku kwetu tatizo kubwa ni mtandao kutofika. Jirani yangu huku pembeni mwa mji ananunua maji kwa kijana wa toroli, asubuhi unamsikia anavyogonga dumu kuita wateja, ndoo ya lita 20 shilingi 200. Uniti moja ni lita 1,000, yani ndoo 50, kwa hiyo jirani analipa 10,000 kwa kitu ambacho mwenye bomba anakilipia 2,000.

Kuwapelekea bomba watu wa huko tuseme ni bilioni 2. Mwanzoni wataunganishwa wachache, watatumia uniti laki moja kwa mwaka. Ukiwa umefunga bei kwenye 2,000, kampuni inaingiza milioni 200. Toa milioni 60 za kuendesha, toa milioni 100 za uchakavu, imebaki milioni 40 kwenye bilioni 2, asilimia 2 hiyo, na kuna riba ya mkopo inamsubiri. Hakuna mwenye akili timamu atakayechimba mtaro. Na hajavunja sheria yoyote, bei yako umemfungia na anaiheshimu vizuri tu, jirani ndo anaendelea na toroli.

Kwenye kanuni ya faida lile bomba linaingia kwenye hesabu ya mali. Yanaongezeka milioni 60 za kuendesha, 100 za uchakavu na 200 za faida, jumla inakuwa bilioni 4.36, gawa kwa uniti milioni 2.1, bei mpya 2,076. Shilingi 76! Familia ya mjini inayotumia uniti 10 kwa mwezi inaongeza 760, haifiki hata elfu moja. Ukiigawa kwa ndoo ni kama shilingi moja na nusu, wakati mwenzao analipa 200 kwa ndoo hiyo hiyo. Mi hii 76 inanikaa kichwani kila nikisikia "wafungieni bei".

Utaniambia si watu wa ule mtaa wakiongezeka bomba litajilipa lenyewe hata kwa bei iliyofungwa? Ni kweli, wakifika uniti laki tatu kwa mwaka, na gharama ya kuliendesha ikawa milioni 120, lile bomba pekee linarudisha asilimia 19. Sasa ndo mtego wenyewe, hiyo neema ikionekana kwenye mapitio mdhibiti anashusha bei, maana hata kwenye kufunga bei mapitio yanarudi kwenye swali lile lile la mali kiasi gani na faida kiasi gani. Tofauti ya mifumo hii miwili, ukiichuja, ni urefu wa muda kati ya mapitio. Miaka ya hasara umeila mwenyewe, miaka mizuri inakaguliwa.

Na wakati mwingine hata mapitio hayasubiriwi. Littlechild huyo huyo, akiwa mdhibiti wa umeme Uingereza, Agosti 1994 alitangaza ukomo mpya wa bei kwa kampuni za usambazaji, uanze Aprili 1995. Katikati hapo kampuni ya Trafalgar House ikataka kuinunua Northern Electric, moja ya hizo kampuni za usambazaji, na Northern katika kujitetea ikawaahidi wanahisa wake mapesa mengi, watu wakashangaa kumbe hawa walikuwa wamejaza hivi. Machi 1995 mdhibiti akasema anafungua upya hesabu, wakati ukomo wenyewe haujaanza kufanya kazi. Aliyebuni mfumo wa kutoangalia faida akaangalia faida, na sidhani kama angeweza kufanya tofauti.

Kuna jambo jingine huwa halisemwi. Utamu wa kufunga bei unamlenga mwenye kampuni anayekula kilichobaki. Mamlaka zetu za maji ni za umma, hakuna mwanahisa anayesubiri gawio, kwa hiyo ile hamu ya kubana matumizi inakuwa dhaifu, ila ule ukata unabaki pale pale. Bei ikiwa chini ya gharama kinachokatwa kwanza ni matengenezo, na hutakigundua kwenye bili, utakigundua mgao ukianza kuongezeka na valvu inayovuja wiki ya tatu haijaguswa.

Ubaya wa kanuni ya faida siufichi. Wachumi Averch na Johnson walionyesha 1962 kwamba kampuni ikiruhusiwa faida inayozidi gharama halisi ya kupata mtaji, itapenda kurundika mali, inunue pampu kubwa badala ya kuziba mivujo, maana pampu inalipiwa faida na kuziba mivujo hakulipiwi. Dawa ipo lakini inataka mdhibiti mkali: mali isiyotumika isiingie kwenye hesabu, bomba lililotolewa na mfadhili lisiombewe faida kwa sababu hakuna mwenye kudai hela yake, na maji yanayopotea yawekewe kiwango, ya juu ya hapo kampuni ijilipie.

Na hivyo vitu mwananchi anaweza kuvifukua. EWURA, mdhibiti wetu wa bei za maji, ikiitisha mkutano wa kusikiliza maoni kuhusu bei huwa tunaenda kulalamika kwamba maisha magumu, tunapewa soda tunarudi. Siku nyingine omba orodha ya mali, uliza ile pampu mpya inasukuma maji saa ngapi kwa siku na ni uniti ngapi zinatoka kisimani zikilinganishwa na zinazolipiwa. Wakizalisha milioni 3 wakauza milioni 2, theluthi nzima inapotea njiani, halafu wanataka tanki jipya. Hapo ndo pa kugombana, 76 ya jirani waachie.